Nani Kaanza, Nani Kauliza

Kazi yangu ni kuangalia chupa za maji. Zinapita mbele ya taa juu ya mkanda, nami natoa yenye ufa, yenye uchafu na yenye kizibo kilichokaa upande. Kiwandani wananiita Jicho, na wala sijawahi kukataa. Mtu akiniambia jambo fulani halionekani, ananikera. Kila kitu kinaonekana ukikikalia mbele.

Ndivyo nilivyoona kwamba Mapazia amenichoka. Mapazia ni shoga yangu tangu tuna meno ya utoto, na jina hilo amelipata kwa kazi yake ya kushona mapazia. Siku hiyo nilikuwa nimemwandikia asubuhi, nikamwandikia mchana, na jioni ndiyo akajibu: "Pole. Ikawaje?" Maneno mawili tu! Mimi nimemwaga moyo wangu wote, yeye ananirudishia chenji.

"Urafiki huu naubeba peke yangu," nilimwambia wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa sebuleni kwetu anakunywa chai. "Na naweza kuthibitisha."

Wifi ni mwalimu, na kila mwaka huitwa kusahihisha mitihani. Akaweka kikombe chini. "Utathibitishaje?"

"Nitahesabu ujumbe wa miezi mitatu. Nani anaanza mazungumzo, nani anauliza maswali, nani anapanga tuonane. Ikitoka kama ninavyojua, namwambia kwaheri."

Sikuwa natania. Nilishachoka kuwa mjinga wa watu.

"Basi tutahesabu wawili," wifi akasema. "Insha moja inasahihishwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, asione alama za mwenzake. Mlalamikaji hawezi kuwa hakimu. Halafu mwombe ruhusa mwenyewe. Siwezi kusoma mambo ya mtu kwa kuchungulia."

Nilimwandikia Mapazia nikidhani atapandisha mori. Akajibu: "Someni tu." Hata kuuliza kwa nini hakuuliza. Niliiweka hiyo moyoni kama ushahidi, nikamtumia wifi nakala ya mazungumzo yote.

Kabla ya kuanza tulibishana nusu siku. Mazungumzo mapya yanaanza lini? Mimi nilitaka kila ninapoandika baada ya saa moja ya kimya nihesabiwe nimeanza. Wifi akasema hapana, fundi akiwa kwenye cherehani saa moja ni kufumba na kufumbua. Tukakubaliana saa nne za kimya, usiku hauhesabiwi, na anayejibu kwa kuchelewa hajaanza kitu, amejibu tu. Mipango nayo tuliipa sehemu mbili: iliyopendekezwa, na iliyotimia. Hiyo ya kutimia aliitaka wifi. Mimi sikuona haja.

Nikahesabu kwa furaha yote. Mazungumzo sitini: arobaini na saba nimeanza mimi. Maswali: yangu mia na kumi na mbili, yake hamsini na nane. Mipango: yangu kumi na nne, yake mitatu. Nilikuwa natembea ndani ya nyumba kifua mbele, mume wangu akauliza kama nimepandishwa cheo.

Wifi alirudi Jumamosi na hesabu yake. Alikuwa na sura ile ya kumrudishia mwanafunzi karatasi.

"Kuanza, umeanza kweli," alisema. "Arobaini na saba, nami nimepata hizo hizo. Sikunyang'anyi. Kama ungekuwa unapima hilo tu, umeshinda."

"Nilijua!"

"Sasa maswali. Soma hili."

Nikasoma ujumbe wangu mwenyewe. "Umeona alichonifanyia msimamizi?"

"Hapo unamuuliza nini?"

"Kama ameona."

"Angeonaje, wifi, na yuko nyumbani kwake anashona?"

Akaniambia maswali ameyagawa. Kuna la kutaka kujua habari za mwenzako. Kuna la kufuatilia alichokisema, ambalo huwezi kuliuliza kama hukusikiliza. Na kuna la kujifungulia njia ili uendelee kusema yako. Katika yangu mia na kumi na mbili, ya kumuuliza yeye yalikuwa kumi na tisa, na mengi ya hayo ni "Mzima?" Katika yake hamsini na nane, hamsini na moja yalinihusu mimi. Mgongo wa mama umepoa? Yule msimamizi aliomba radhi? Ikawaje?

Ile "ikawaje" niliyoitukana ilikuwa imenipa nafasi ya kuandika kurasa nzima.

"Na mipango?" nikauliza, sauti imeshuka kidogo.

"Umependekeza kumi na nne. Imetimia miwili. Kumi umeiahirisha mwenyewe, miwili ulisahau. Yake mitatu yote ameitimiza, hata siku ile alipokuja hapa akakukuta unatoka."

"Nilikuwa na dharura!"

"Ulikuwa unaenda kununua viatu. Umemwandikia hivyo."

Nilinyanyuka nikaenda jikoni kuosha vikombe visafi. Wifi akanifuata, simu mkononi. Hakuwa anacheka tena.

"Kuna safu moja nimeiongeza," alisema. "Mahali ambapo mmoja amesema jambo zito, na mwenzake alipaswa kuuliza. Nilitaka kuona nani anauliza na nani anapita. Tazama hapa, wiki tano zilizopita."

Mapazia alikuwa ameandika: "Kuna duka la mji mwingine wananitaka nikawasimamie mafundi. Sijalala siku mbili, sijui niende au nikatae."

Chini yake mimi: "Wenye maduka hawana shukrani hao. Sasa sikiliza kioja cha leo!"

Ujumbe ule niliusoma nilipokuwa nahesabu. Niliupa sifuri. Hakuanza, hakuuliza, hakupanga. Mimi Jicho niliuona ukipita mbele ya taa nikauacha uende. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nilitoka na kandambili. Mapazia nilimkuta kwenye cherehani, kitambaa cha buluu kimemfunika mapaja. Nyuma yake kulikuwa na maboksi mawili yamefungwa kamba.

"Shoga," nikasema, "utaenda au utakataa?"

Akasimamisha cherehani. "Nimeshakubali. Naondoka mwisho wa mwezi."

"Mbona hukuniambia?"

Akakata uzi kwa meno.

"Nilikwambia mara moja," alisema. "Kukwambia mara ya pili nikaona kama naomba. Mliposema mnataka kusoma, nikakubali haraka. Nilijua mmoja wenu atasoma."

Nililia pale pale, akanipa kipande cha pazia nijifute, halafu akanipokonya kwa sababu kilikuwa cha mteja. Tukacheka. Nilimsaidia kufunga maboksi, na kwa mara ya kwanza tulikaa pamoja bila mimi kusema habari za msimamizi, ingawa siku hiyo alikuwa amefanya kioja cha kutisha.

Aliondoka. Siku ya tatu nilishika simu, vidole vikaandika vyenyewe: "Huwezi kuamini walichonifanyia leo." Nikafuta. Nikafikiria chumba chake kipya, fundi wa mapazia katika nyumba ya watu. Nikaandika: "Chumba chako kina dirisha?"

Jibu lilikuja upesi. "Kina. Wifi yako aliniuliza jana."

Wivu ulinishika. Kumbe walikuwa wanaandikiana! Nilitaka kumpigia wifi nimpe vyake. Badala yake nilikaa kitako, nikafikiri, nikaandika tena: "Pazia lake umeshashona?"

Zamu hii alikawia. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa, ndipo simu ikaita. Alikuwa anapiga yeye.

"Sijashona," alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Una nafasi ya kunisikiliza?"

"Ninayo," nikasema, nikanyamaza.