Swali la Alama Ishirini

Dative alikuwa ameshindwa mtihani wa kilimo mara mbili, na mara zote mbili alilaumu Kiingereza, lugha ya mtihani huo. Alizaliwa Bukavu, akasoma huko kwa Kifaransa, na wazazi wake waliporudi Rwanda alikuwa tayari msichana mkubwa, kichwa kimejaa Kiswahili cha Kongo, ng'ambo ile ya mto Ruzizi. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tatu. Kazi yake ilikuwa katika ushirika wa wakulima wa Gashonga, msaidizi wa bwana shamba, na tangu bwana shamba huyo ahamie kwingine, yeye ndiye aliyefanya kazi yote bila kuitwa kwa cheo chake. Cheo kilitaka diploma. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa amemwambia waziwazi, bila ubaya: "Maman, tutakungojea mwaka huu. Mwakani itabidi tutafute muntu mwenye karatasi."

Ndipo Dative alipokwenda Gihundwe kwa Niyomugabo, mwalimu mstaafu aliyefundisha kilimo miaka mingi na kusahihisha mitihani mingi kuliko anayoweza kuikumbuka. Alimpelekea rundo la mitihani ya miaka iliyopita, pembe zimejikunja, na jibu moja aliloandika nyumbani kwa muda uleule wa mtihani. Swali lilitaka aeleze jinsi ya kutunza rutuba ya udongo. Alama ishirini.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma huku kalamu nyekundu ikitembea pembeni mwa karatasi. Dative alikaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayengoja majibu ya damu.

"Sita," mwalimu akasema.

"Sita kwa ishirini?"

"Sita. Na si Kiingereza chako, usikisingizie. Kiingereza chako ninakisikia vizuri."

Maneno hayo peke yake yalimshushia Dative mzigo fulani mabegani, ingawa sita ilibaki sita. Kwa miaka mitatu alikuwa akiamka alfajiri kukariri misamiati, kumbe ugonjwa ulikuwa mahali pengine.

"Angalia," mwalimu akaendelea, akigonga karatasi. "Umeandika mambo kumi na manne. Kuweka samadi. Kubadilisha mazao. Kutandaza nyasi. Kupalilia. Kupanda miti. Unakimbia kama muntu anayehesabu mbuzi. Swali hili linataka hoja sita tu. Kila hoja ina alama tatu: ya kwanza, mkulima anafanya nini. Ya pili, kwa nini anafanya. Ya tatu, kinatokea nini shambani akishafanya. Sita mara tatu, kumi na nane. Utangulizi moja, hitimisho moja. Wewe umepata ile ya kwanza tu kwa hoja sita, na nane zilizobaki hazina mahali pa kuingia. Ungeandika hata mia, ungepata sita."

Dative akaguna. Wino wote ule!

Alirudi nyumbani, akaandika upya kwa wiki nzima, swali moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jumamosi akarudi Gihundwe akiwa na uhakika. Mwalimu akasoma, akavuta pumzi, akaandika tisa.

"Nimeweka sababu!" Dative akalalamika. "Kila hoja ina sababu, mwalimu. Tazama."

"Ninatazama. Samadi, ili mavuno yaongezeke. Matuta, ili mavuno yaongezeke. Kupalilia, ili mavuno yaongezeke. Hiyo ni sala, si sababu. Alama ya mavuno nimekupa mara moja, hapa juu, na haitolewi mara ya pili. Hoja sita, mavuno moja, utangulizi, hitimisho. Tisa. Uniambie kitu gani kinabadilika *ndani ya udongo*."

Dative aliiona ile mantiki, lakini aliiona kama unavyoiona Bukavu kutoka mji wa Kamembe: taa zote zipo, ila kuna maji katikati. Alipanda pikipiki ya kurudi Gashonga akiwa amekata tamaa, na usiku huo akamwambia dada yake Elikia, aliyekuwa akiishi naye, kwamba labda mwaka huu asifanye mtihani. Elikia, mshonaji asiyejua kilimo wala mitihani, alimjibu kwamba ada imekwisha lipwa, basi aache maneno.

Jumanne iliyofuata ushirika ulikuwa na kazi ya chokaa. Udongo wa mashamba ya juu ulikuwa umepimwa, na kipimo cha pH kilionyesha nne nukta nane, uchachu ambao maharage hayaupendi hata kidogo. Dative alitakiwa kuwashawishi wakulima wakubali kuweka chokaa mwezi wa nane, kabla ya msimu mkubwa wa kupanda. Wengi waliitikia kwa kichwa. Maman Nyirabagenzi hakuitikia.

Nyirabagenzi alikuwa mjane mwenye shamba la maharage na mihogo kwenye mteremko, na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alisimama katikati ya maharage yake, mafupi, yenye majani ya kijani kilichofifia, mikono kiunoni.

"Tuweke chokaa, sawa. Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu mavuno itaongezeka, Maman," Dative akasema.

"Aa-a! Kila mwenye anapita hapa anasema mavuno itaongezeka. Mwaka jana balituambia tuweke mbolea ya duka, mavuno itaongezeka. Niliweka. Maharage ikabakia vile unaona. Sasa na weye unakuja na unga mweupe, na wimbo ni ule ule."

Wakulima wengine waliofuatana nao hadi shambani wakacheka. Dative akahisi uso unamwaka, maana alikuwa ameyasikia maneno hayo siku tatu tu zilizopita, kwa sauti nyingine, kutoka nyuma ya miwani. Kisha akainama, akaushika mche mmoja wa maharage chini kabisa, akachimbua kwa jembe la mwenye shamba na kuutoa na udongo wake. Akaukung'uta taratibu.

"Tazama mizizi, Maman. Ni mifupi, minene kwenye ncha, kama imeungua."

Nyirabagenzi akasogea bila kutaka.

"Udongo huu ni mchachu. Ukiwa mchachu hivi, kuna madini ndani yake inaitwa alumini, inayeyuka na kuwa sumu. Inakata mizizi. Mizizi ikiwa mifupi haifiki kwenye maji wala kwenye chakula. Na ile mbolea yako ya mwaka jana haikuwa mbaya. Ilikuwa na fosforasi, lakini hiyo alumini pamoja na chuma cha udongo huu mwekundu vikaikamata. Imo humu humu chini, imefungwa. Maharage inapita juu yake na njaa."

"Imefungwa," Nyirabagenzi akarudia, kama mtu anayesikia jina la mwizi wake.

"Eeh. Chokaa inapunguza uchachu. Uchachu ukipungua, alumini inatulia, haiyeyuki tena, na fosforasi unayoweka haikamatwi yote. Mizizi inarefuka. Halafu ona hapa." Akapitisha kidole kwenye mizizi. "Kulipaswa kuwa na vinundu vidogo, ukipasua ndani ni vyekundu kidogo. Humo munakaa vijidudu vinavyotoa naitrojeni hewani na kulisha maharage. Hapa hakuna hata kimoja, juu udongo mchachu haviupendi. Vikirudi, majani inakuwa ya kijani kizito, na hautahitaji mbolea nyingi ya naitrojeni."

Mtu mmoja nyuma akang'oa mche mwingine kuangalia.

"Na nikiweka chokaa na mbolea siku moja, nimalize kazi?" Nyirabagenzi akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayepanga, si ya anayekataa.

"Hapana. Ukichanganya chokaa na samadi mbichi ao na mbolea yenye amonia, naitrojeni inageuka hewa, inapotea. Utasikia harufu yake puani. Chokaa inatangulia wiki tatu, nne, unaichanganya na udongo kwa jembe. Samadi na mbolea inakuja siku ya kupanda."

Nyirabagenzi akauchukua ule mche mkononi mwake. "Sasa ndiyo umesema kitu," akasema. "Nitaweka nusu ya shamba. Nusu ingine nitaacha, nione kama unadanganya."

Dative aliteremka mlima ule karibu anakimbia. Kwenye ofisi ya ushirika hakuvua hata buti zenye tope. Alichukua karatasi, akachora mistari miwili kutoka juu hadi chini, akapata vyumba vitatu. Cha kwanza: kuweka chokaa. Cha pili: kwa sababu uchachu huyeyusha alumini na kufunga fosforasi. Cha tatu: mizizi hurefuka, vinundu hurudi, mmea huchukua chakula. Akaendelea na samadi, akajiuliza kama ambavyo Nyirabagenzi angemuuliza: juu ya nini? Kwa sababu inashikamanisha chembe za udongo na kushika maji. Halafu? Halafu udongo haukauki upesi mvua ikikatika. Hakuandika neno mavuno hata mara moja hadi hitimisho.

Jumamosi ile mwalimu Niyomugabo aliandika kumi na saba, akavua miwani, akamwomba amweleze ni nani aliyemfundisha. Dative alipomwambia, mzee alicheka hadi akakohoa.

Mtihani ulifanyika mwezi wa saba. Alipofungua karatasi moyo ulimlipuka: chokaa haikuwemo, wala uchachu. Swali la insha liliuliza kazi ambazo mkulima anapaswa kufanya ili migomba ya mteremkoni iendelee kuzaa vizuri mwaka hata mwaka. Alifunga macho kidogo. Kisha akachora mistari yake miwili kwenye karatasi ya rafu. Matandazo: huzuia matone ya mvua yasiupige udongo na jua lisiukaushe, unyevu hubaki wakati wa kiangazi, na nyasi zikioza huongeza mboji. Mitaro ya kukinga maji: hupunguza mwendo wa maji yanayoteremka, udongo wa juu haukokotwi hadi mtoni. Kupunguza machipukizi: mengi hugombania maji, mwanga na chakula, yakibaki matatu kwa shina, mikungu huwa mikubwa. Hoja zilikuja zenyewe, zimeshikana mikono, na alimaliza dakika kumi kabla ya kengele.

Matokeo yalitoka asubuhi moja akiwa sokoni Kamembe na Elikia, wakichagua kitambaa. Simu ililia. Dative alisoma ujumbe, akausoma tena, kisha akamkabidhi dada yake simu ili naye asome.

"Umepita," Elikia akasema. "Dative! Umepita!"

Hakupiga vigelegele. Alikaa juu ya robota la vitenge, mwenye duka akamtazama. Machozi yalimtoka akiwa anacheka. Alimpigia mwalimu, ambaye alisema "Asante Mungu" mara tatu na kumuuliza swali la insha lilikuwa lipi. Alimpigia mwenyekiti, akaambiwa Jumatatu aje na nakala ya matokeo, barua ya kazi itaandikwa.

Kisha akarudi nyumbani, akala wali na sombe ya majani ya mihogo sahani mbili, akalala mchana kweupe, mlango wazi, bila kuweka saa ya kumwamsha.