Laini ya Pili ya Kitengela

Sacco yetu ina makao makuu Kajiado na tawi moja Kitengela, ambalo mimi Gathoni ndiye meneja wake. Mwaka huu wachimbaji wa barabara walikuwa wamekata faiba yetu, ule waya wa intaneti, mara nyingi hadi wanachama wakaanza kuuliza kwanza kama mtandao uko, halafu ndio wasalimie. Makao makuu walichoka. Wakatuambia tutafute laini ya pili, tena ijiwashe yenyewe ya kwanza ikifa. Jaribio likishindikana, tawi linafungwa na kila mtu atakuwa akienda Kajiado.

Siku ya jaribio alikuja Bwana Hiram, mkuu wa mitambo huko Kajiado, mtu wa kukunja uso hata mbele ya chai. Fundi wetu, Mwololo, alikuwa ameshafunga sahani ya mtandao ya kampuni ya pili juu ya paa. Tukaomba Mungu, maana hapa hata mkutano wa kununua ufagio hauanzi bila maombi, kisha tukaanza.

Mwololo hakugusa waya wa ruta, kile kifaa kinachotugawia mtandao ofisini. Alichomoa faiba yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha kampuni ya kwanza, taa nyekundu ikaanza kupepesa.

"Nikichomoa waya wa ruta nitakuwa najidanganya," alimweleza Bwana Hiram. "Faiba ikikatwa huko barabarani, kisanduku bado kinawaka na ruta inaona waya uko sawa. Kwa hivyo nimeiambia ibishe hodi huko nje kwa mtandao kila sekunde chache, kupitia laini ya kwanza. Ikikosa kujibiwa mara tatu, inahamia ya pili."

Tulisubiri kidogo. Simu ya Bwana Hiram, iliyokuwa kwenye waifai yetu, ikafungua ukurasa wa habari bila kinyongo.

"Iko sawa," akasema, akatoa kalamu atie sahihi. Moyo wangu ulicheza, nikamwona Bwana Hiram kuwa mtu mzuri kabisa.

"Bado," Mwololo akasema. "Hatujahudumia mtu."

Nilimkanyaga mguu. Mshindi haulizi kama mechi imeisha! Lakini Mwololo ni mkaidi, na Kokoo Seleyian, bibi wa Kimaasai, alikuwa ameketi pale mbele tangu asubuhi, akingoja kutoa pesa za kununua fahali Kiserian.

"Kokoo, takwenya," nikamwamkia kwa Kimaasai, nikikosa la kufanya.

"Iko," akaitikia salamu. "Hiyo maombi yenu imeisha? Nipeni pesa niende."

Nikafungua mfumo wa sacco. Ukazunguka, ukazunguka, ukakataa. Nikajaribu tena. Ukakataa tena. Habari zinafunguka, michezo inafunguka, lakini akaunti ya kokoo, wapi! Bwana Hiram akarudisha kalamu mfukoni. Nilimkasirikia Mwololo kwa hasira ambayo sitaisema mbele ya watu wa kanisa langu.

"Nimeona," Bwana Hiram akasema. "Tawi halina laini ya pili."

"Laini iko," Mwololo akasema. "Ni Kajiado inatukataa. Hiyo geti ya mfumo inajua anwani moja tu ya Kitengela, ile ya kampuni ya kwanza. Tukija na ya pili inatuona wageni. Nani aliiweka hivyo?"

Bwana Hiram alipiga simu ofisini kwake, akaweka sauti ili tusikie.

"Emmanuel, ongeza anwani mpya ya Kitengela kwa geti. Fundi anakutumia."

"Pole sana, siwezi," Emmanuel akajibu kwa adabu. "Nahitaji idhini ya mkuu wa mitambo."

"Ni mimi!"

"Sawa mkuu, lakini ulisema idhini ya simu haikubaliwi, hata kama ni wewe."

Kokoo Seleyian alicheka hadi shanga zake zikagongana. Bwana Hiram akaandika barua pepe ya idhini kupitia laini yetu ya pili, akaituma, na Emmanuel akatufungulia geti. Faiba bado ilikuwa imechomolewa, taa bado nyekundu. Nikajaribu tena, akaunti ikafunguka, nikamhesabia kokoo pesa zake. Akatubariki, akaenda zake.

Baadaye ndipo nikaelewa. Tungetia sahihi tukanywa chai, halafu siku ya kwanza faiba kukatwa, tawi lingekwama na lawama ingekuwa yangu.

Bwana Hiram alirudisha simu mfukoni.

"Nimekuja kuona kama tutafunga hii ofisi," akasema. "Na ni mimi nilikuwa nimeifunga, kwa ile geti."

Sikumcheka. Mwololo akarudisha faiba, ruta ikajibiwa hodi zake na kurudi laini ya kwanza yenyewe. Nikadhani tumemaliza.

"Hapana," Bwana Hiram akasema, akivua koti. "Ita mwanachama mwingine hapo mbele. Chomoa tena."

Safari hii sikumkanyaga mtu. Nilichomoa mwenyewe.