Nakala ya Karibuni Zaidi

Nilifanya kazi masjala miaka thelathini na moja, na kanuni yangu ilikuwa moja: waraka ukiwa na nakala mbili, ya karibuni ndiyo halali, ya zamani inachanwa. Kwa hiyo watoto walipomletea mama yao mashine mpya ya gemu, sikuona sababu ya kuita fundi.

Mke wangu ni mkunga mstaafu. Miaka sita sasa, kila alasiri, analima shamba ndani ya televisheni. Alikuwa na ng'ombe arobaini, kinu cha unga, na kati ya ng'ombe hao jike mmoja mkorofi aliyemwita Matroni.

"Shamba langu lihamie lote," alisema akivaa viatu. "Matroni asipofika, na wewe utafute pa kuhamia."

"Mama, hii ni kazi ya nyaraka tu. Nenda kwenye kikao chako."

Akaenda. Nikavaa miwani, nikasoma maelekezo mstari kwa mstari. Nikamwandikisha kwenye huduma ya kuhifadhi gemu mtandaoni. Nikaingia kwa akaunti yake kwenye mashine mpya, nikapakua gemu, nikaifungua kidogo nione kama inafanya kazi. Ikanipa kiwanja cha magugu, jembe na kuku mmoja. Nikaifunga. Kumbe mashine ilikuwa imeshakihifadhi kiwanja kile na kukituma mtandaoni yenyewe.

Kisha nikawasha ya zamani, nikairuhusu nayo itume. Likatokea swali: data ya mtandaoni inatofautiana na ya mashine hii, ibaki ipi? Ya mashine ilikuwa ya Jumamosi. Ya mtandaoni ilikuwa ya leo, saa nne na dakika kumi. Chini paliandikwa kwamba nyingine itafutwa, wala haitarudi.

Swali jepesi kiasi hicho halikuwahi kunifika hata nikiwa karani mpya. Nikachagua ya leo.

Mke wangu alirudi, akakaa, akawasha.

"Huyu nani?"

"Kuku."

"Kuku namwona. Ng'ombe wangu wako wapi?"

Nikamweleza utaratibu, pamoja na tarehe zake.

"Hiyo ya leo imechezwa muda gani?"

"Dakika nne."

"Na ya Jumamosi ilikuwa saa elfu mbili na mia tatu." Aliongea polepole, kama anayezungumza na mzazi wa mara ya kwanza. "Yaani umepata kichanga, ukaona yule mkubwa ametumika, ukamtupa."

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Binti wa huko alikuwa na adabu sana. Akasema mtandaoni hukaa nakala moja tu ya gemu hiyo, na mzee ameshaichagua.

Siku hizi alasiri nalima mimi. Yeye hukaa nyuma yangu na chai yake, akinionyesha magugu niliyoyaruka. Kwa saa mbili kwa siku, nimepiga hesabu, nitamrudishia shamba lake baada ya miaka mitatu na ushee. Nilipomwambia, alisema nisikimbilie kumaliza, maana haraka yangu ameshaiona.