Posa ya Qusay na Zamu ya Alhamisi

"Kwa wahudumu wote wa mapokezi," Ghadir, msimamizi wa zamu, aliandika kwenye kundi lao la simu. "Kuanzia leo, anayetaka kubadilishana zamu aandike ujumbe mmoja: siku gani, zamu gani, na nani, na atamlipa zamu ipi. Mwenzake ajibu 'Nimekubali'. Mimi nitaweka alama ya tiki na kurekebisha ratiba. Bila tiki, zamu ni yako. Dole gumba si jibu. Moyo si jibu. Na 'zamu yangu ni yako, kaka' ni adabu tu, si zamu."

Tangazo hilo tukufu lilitulia kwa dakika moja, kisha Qusay akalibandikia picha ya paka aliyevaa tai.

Ila moyoni hakucheka. Alhamisi jioni wazee wa ukoo wake wangepanda magari kwenda mji wa Salt kumposa Rima kwa niaba yake, na posa bila mposaji ni aibu isiyofutika. Zamu ya jioni hiyo ilikuwa yake. Wiki iliyopita alipomwomba Labib, mwenzake wa mapokezi, wabadilishane, Labib alimwambia, mkono kifuani, "Chukua zamu yangu, chukua na macho yangu!" Qusay akalala usingizi mnono. Sasa adabu ile haikuwa na thamani hata ya kikombe cha chai.

Akaandika ombi kwa utaratibu: Alhamisi jioni, na Labib, nitamlipa Ijumaa asubuhi. Labib hakuwepo. Simu yake ilikuwa kaunta, inachaji, haina hata nambari ya siri.

Qusay akatazama kushoto na kulia kama jasusi, akaichukua, akaandika "Nimekubali", akairudisha mahali pake kwa heshima zote.

Punde Ghadir akaingia ukumbini, mikono imejaa vumbi, Labib nyuma yake. Akasoma kundi. Hakuweka tiki.

"Labib, umekubali saa ngapi?"

"Kukubali nini, bosi?"

"Maana wewe ulikuwa juu ya ngazi unabadilisha taa, na mimi ndiye niliyeishika hiyo ngazi."

"Ana vidole virefu," Qusay akasema.

"Kaka, wewe una akili kweli?" Labib akaisoma simu yake, akaangua kicheko. "Si umenialika mwenyewe kwenye posa yako? Suti nimeshapiga pasi! Nitakaaje hapa Alhamisi?"

Qusay alikuwa amesahau. Masikio yakamwaka moto.

"Dada Ghadir, nisamehe. Nilitania."

"Kundini, bwana harusi. Kwa utaratibu."

Akaandika: "Lile 'Nimekubali' nililiandika mimi, Qusay, kwa simu ya Labib. Kosa ni langu. Kwa unyenyekevu natafuta mtu wa Alhamisi jioni. Nitamlipa Ijumaa asubuhi, na vitamu vya baklava juu yangu."

Hadil wa zamu ya asubuhi akajibu kutoka nyumbani: "Nimekubali. Baklava iwe ya njugu za pistachio."

Ghadir akaweka tiki.