Tangazo la Kunawa Mikono

Tangazo la kwanza niliandika mimi, na kwenye grupu hakuna aliyejua.

Tulikuwa likizo. Nakaa Somanda kwa shangazi Domitila, ni nesi kwenye zahanati. Siku hiyo watoto wanne waliletwa wanaharisha, akanipa simu ya zahanati. "Anyes, we unajua kuandika. Waandikie akina mama kwenye grupu wanawe mikono. Fupi tu." Yeye alikuwa na foleni ya chanjo mpaka nje.

Mimi kuongea siwezi. Darasani nikiulizwa naangalia dawati. Ila kuandika naweza, nikaona leo niandike kitu watakachosikia. Nikaandika: MIKONO MICHAFU INAUA. MAMA ASIYENAWA NDIYE ANAYEMHARISHA MWANAWE. Nikaweka na emoji mbili za fuvu. Nikamwonyesha shangazi, akaangalia akiwa ameshika sindano, akasema, "Sawa, tuma." Nikatuma.

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi ni siku ya kupima watoto uzito. Benchi huwa halitoshi, wengine wanakaa chini kwenye kanga. Siku hiyo walikuja saba. Shangazi akasema labda wako shambani. Nikasema labda.

Mara akaja Goodness, tunasoma naye. Kaka yake Mihayo ana mke anaitwa Salu, na mtoto wao Bujiku ana miezi kumi na moja.

"Nyie mmeandika nini kule kwenye grupu?" akaniuliza. "Nyumbani hapakaliki."

"Kwa nini?"

"Bujiku anaharisha tangu jana asubuhi. Mama kalisoma tangazo lenu kwa sauti, watu wote wanasikia. Kamwambia wifi, 'Umesikia? Hata serikali imejua ni wewe.' Wifi kasema huko zahanati hakanyagi. Aende kusimangwa tena?"

"Mtoto anakunywa?"

"Ananyonya kidogo. Kalegea."

Goodness akaondoka kwenda dukani. Mimi nikabaki nimesimama. Nilifikiria nifute lile tangazo. Ila kufuta hakumtoi mtoto kule ndani.

Nikaingia kwa shangazi nikamwambia yote, naangalia sakafu. Akachukua simu akasoma. Safari hii alisoma kweli.

"Mh! Fuvu tena?"

"Nisamehe shangazi."

"Mi ndo nimesema tuma bila kusoma. Hilo tutaongea baadaye." Chumba cha pili kulikuwa na mama ana uchungu, na shangazi alikuwa peke yake. Akanipa pakti mbili za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. "Kimbia. Pakti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, yakiwa yamepoa. Ampe kidogokidogo kwa kijiko, na aendelee kunyonyesha. Halafu aje sasa hivi. Sio kesho."

"Na mimi ndo niseme?"

"Kuna mwingine hapa?"

Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilipofika kwao yote yakapotea.

Walikuwa ndio wanataka kula. Mama Mihayo amekaa kwenye kigoda, wajukuu wawili wamekaa kwenye mkeka, ugali na mlenda viko katikati. Salu alikuwa anatoka nyuma ya nyumba na Bujiku mgongoni. Alikuwa ametoka kumsafisha, mikono yake ina maji na inanukia sabuni ya mche. Nikashangaa. Kumbe ananawa.

Nikapiga goti, nikasalimia Kisukuma. "Mwangaluka mama."

"Mwangaluka. Si binti wa nesi huyu? Karibu. Umekuja kuangalia mikono yetu?"

Wajukuu wakacheka. Salu hakucheka. Aliniangalia mara moja tu.

Mama Mihayo akavuta karai la maji. Akatumbukiza mikono, akasugua, akanisogezea mimi mgeni. Baada yangu yangekuwa ya wajukuu, wametoka kuchezea zizini. Mwisho Salu, maana mkamwana ndiye wa mwisho. Halafu Salu huyohuyo ndiye anamega ugali kumlisha mtoto. Nikayaangalia yale maji. Yalishakuwa na rangi.

Hapo ndo nikaelewa nilichofanya. Mimi nilimwambia mtu anawe, na yeye ananawa, tena kwa sabuni. Halafu anakuja kuchovya mikono kwenye maji ya watu wote. Hilo sikuliandika. Nyumbani kwa bibi na sisi tunanawa hivyohivyo, ningejuaje kuliandika?

Maneno yakagoma. Nikaona jagi kwenye ndoo ya maji safi. Nikalichukua, nikaomba sabuni, nikasimama mbele ya Mama Mihayo nimeinama kama tunavyomnawisha mkwe kwenye harusi.

"Mama, naomba nikumiminie."

"Nimeshanawa."

"Naomba tu, mama."

Akaniangalia. Akanyoosha mikono. Nikamimina taratibu, akapaka sabuni, viganja, juu, katikati ya vidole, maji yakadondokea kwenye karai na kubaki humo. Nikaenda kwa wajukuu. Maji yaliyotoka kwao yalikuwa meusi.

"Mayu! Mama yangu!" akasema Mama Mihayo. "Ndo tungekula hayo?"

"Ndo angenawa Salu," nikasema, sauti ndogo. "Halafu amlishe Bujiku." Nikameza mate. "Lile tangazo niliandika mimi, mama. Nilikosea. Sio Salu aliyemharisha mtoto. Kuhara kunatoka sehemu nyingi, hata shangazi hawezi kujua kumetoka wapi. Anaomba Salu aje sasa hivi. Macho ya mtoto yameingia ndani."

Nilijua nitafukuzwa.

Mama Mihayo akainuka, akamfungua Bujiku mgongoni kwa Salu, akambana ngozi ya tumbo. Ilirudi polepole, kama ya mtu aliyekaukiwa maji. "Nenda," akamwambia Salu. "Chakula kitakaa. Goodness akirudi nitamwambia aite boda ije ikuchukue." Halafu, bila kumwangalia: "Mi nilidhani wamekusema wewe."

Salu hakungoja boda. Tulitembea haraka, mimi nimebeba mkoba wake na zile pakti, maji ya kuchemsha hatukuyangoja. Kila hatua namwangalia mtoto kama bado anapumua.

Zahanati yule mama mwingine alikuwa ameshajifungua. Shangazi akanawa, akampima Bujiku, akachanganya ORS mbele ya Salu. Kijiko, tunasubiri, kijiko. Bujiku akatapika kidogo. Shangazi akasema tungoje dakika kumi, tuanze tena polepole. Zile dakika kumi sijui nilizimalizaje. Kilichofuata kikakaa tumboni. Kingine pia. Baada ya saa tatu na zaidi alilia kwa nguvu, na machozi yakatoka. Shangazi akashusha mabega. Akampa Salu vidonge vya zinki vya siku kumi, akamweleza dalili za kumrudisha haraka.

Halafu akanipa simu. "Andika upya. Na Salu akae hapo asome kabla hujatuma."

Niliandika nikifuta. Salu alinitolea maneno mawili, "wazembe" na "lazima". Ikabaki hivi:

"Akina mama, lile tangazo la Jumanne lilikosewa, mtusamehe. Wengi mnanawa tayari, asanteni. Tuongeze kitu kimoja: maji yatiririke. Mmoja amimine mwingine anawe, tusichovye wote kwenye karai moja. Sugueni kwa sabuni sekunde ishirini, mpaka chini ya kucha. Sabuni ikiisha, jivu safi linasaidia. Nawa ukitoka choo, ukimsafisha mtoto, kabla ya kupika, kula na kumlisha. Mtoto akiharisha mleteni mapema. Hatutauliza nani kakosea."

Salu akasoma mara mbili, midomo inatembea. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na hakishuki.

"Ngoja," akasema. "Nitumie mimi kwanza, kwenye simu yangu."

"Kuna kosa?"

"Hamna." Akamfunga Bujiku mgongoni, akakaza kanga. "Nataka mama mkwe nimsomee mwenyewe. Kwa sauti."