Kilo Ambazo Hakuzila

Mzani wa bafuni ulilia kwak kabla hakujapambazuka, kama kila siku, mume wangu alipoupanda baada ya kwenda haja. Nikasubiri asome. Siku hiyo alishuka, akaupanda tena.

"Ngapi, Breki?" Hilo ndilo jina walilompa madereva wenzake wa malori, nami nimelizoea.

"Mia na moja."

Jana yake ilikuwa mia. Jumapili, tisini na nane.

Daktari alisema hatalipasua goti bovu la mume wangu mpaka ashuke chini ya tisini na tano. Mtaalamu wa lishe akampangia kalori elfu moja mia sita kwa siku, apungue nusu kilo kwa wiki, haba na haba. Mwenye kalamu nikawa mimi. Kila siku nabandika karatasi mpya kwenye mlango wa kabati la chakula, na kila akila naandika: chakula, kipimo, kalori, jumla tangu asubuhi, zilizobaki. Mafuta ya kupikia napima kwa kijiko cha chai, maana kijiko kimoja tu ni arobaini. Alikuwa ameshatoka mia na tatu hadi tisini na nane, na hakuna siku aliyolala njaa.

Nikamwandikia kifungua kinywa. Vipande viwili vya mkate, mia moja sitini. Yai la kuchemsha, themanini. Chai ya maziwa bila sukari, arobaini. Jumla mia mbili themanini. Zimebaki elfu moja mia tatu na ishirini.

Binti yetu, fundi cherehani anayeishi nasi, alisoma karatasi akamtazama baba yake.

"Baba, sema tu. Andazi halina mdomo, halitakushtaki."

"Nimekula yaliyoandikwa."

"Basi mzani ndio unaokula."

Breki akacheka naye, kisha kicheko kikageuka kikohozi, akakaa nacho kitambo.

Mimi niliuamini mzani. Nilifunga kabati, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, na mchana nikampakulia wali nusu kikombe badala ya kimoja. Aliutazama, akala, akanishukuru kwa upishi. Hakununa. Jioni alimwomba binti yetu amlegezee mikanda ya makubadhi yake. Binti aliilegeza huku akimtania kwamba sasa hata nyayo zinanenepa. Kulala alikuwa analala kitini, akisema ni goti.

Kesho yake mzani ukasema mia na mbili.

"Mke wangu," aliniambia akiwa bado amesimama juu yake, "sijui nikuapie kwa nini."

Nilibandua karatasi zote, tukaenda kliniki.

Mtaalamu wa lishe, msichana wa umri wa mjukuu wangu, alizisoma moja baada ya moja. Nilidhani atatugombeza.

"Bibi, vipimo hivi umepima mwenyewe?"

"Kwa kikombe na kijiko. Hata mafuta."

Akapiga hesabu pembeni kwa penseli, akanigeuzia nione. "Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori elfu saba na mia saba. Babu amepanda kilo nne tangu Jumapili. Ingebidi ale zaidi ya elfu thelathini juu ya zile zinazomtosha. Huyo angekula usiku na mchana, na nyumba nzima ingemsikia."

Akapiga magoti, akamvua makubadhi, akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Hizi si kilo za chakula. Ni maji. Babu, unalalaje?"

"Nimekaa. Nikilala chali pumzi zinakata."

Breki alinitazama mimi, wala si kwa kunisuta. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi ndiye niliyetamani angekuwa ameiba maandazi.

Yule msichana alituitia daktari, kisha akamsindikiza mgonjwa hadi wodini, makubadhi yakiwa mkononi mwake.

Moyo umechoka kusukuma, walituambia. Wanampa dawa ya kutoa maji, na kilo zinashuka haraka kuliko nilivyowahi kuzishusha mimi. Goti halitajwi tena. Kitandani kuna jedwali lingine, la maji anayokunywa na mkojo anaotoa, na wauguzi ndio wanaoandika. Mimi nakaa na kushika mguu wake, nikiangalia shimo la kidole linavyojaa polepole.

Binti yetu amemshonea soksi pana zisizobana. Hajatania.

Jana, kengele ya kuwatoa wageni ilipolia, Breki alinishika mkono.

"Leo umekula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Chai tu."

Alihesabu kwa vidole, taratibu. "Arobaini. Zimebaki nyingi mno, mke wangu." Akavuta pumzi kabla ya kuendelea. "Kesho njoo tena. Lakini uje umekula."