Tahadhari Mia Sita na Sentensi Moja

Bosi Quartey hakuzungusha maneno. Kufikia Ijumaa, Esinam, mlinzi wa mifumo ya kompyuta ya benki, achague kazi moja ya kujirudia ambayo mtambo wa ulinzi utaifanya wenyewe, na jina lake ndilo litakaloandikwa chini ya uamuzi huo. Mtambo ukimfungulia mwizi mlango wa benki, atajibu yeye.

Esinam alihesabu tiketi, yaani kumbukumbu za tahadhari zilizoshughulikiwa, za miezi mitatu. Tahadhari za mfanyakazi kuingia kwenye akaunti yake kutoka miji miwili iliyo mbali ndani ya saa moja zilikuwa mia sita, na zote zilifungwa kwa sentensi ileile: "Amepigiwa simu, amethibitisha ni yeye."

"Ndiyo hiyo, dada!" Fiifi, mwenzake wa zamu, alisema, wali wa waakye mdomoni. "Mtambo umtumie ujumbe: ni wewe? Akisema ndiyo, ufunge tiketi. Tupumue, jamani!"

Esinam akauandikia mtambo mwongozo. Kwanza aliujaribu bila kuupa ruhusa ya kufunga chochote. Siku hiyo zilikuja tahadhari kumi na tisa, na watu saba wakajibu: si mimi.

Saba! Mia sita zilizopita hazikuwa na hata mmoja. Esinam alichanganyikiwa. Alipekua mwongozo mstari kwa mstari, akautupa, akauandika upya. Jibu likawa saba vilevile.

"Mtambo wako umelewa," Fiifi alicheka.

Akaanza kuwapigia wale saba. Watano walikuwa wametumia simu zao hapahapa Accra, ila kampuni yao ya simu huwapitishia Lagos, kwa hiyo mtambo uliwauliza kuhusu Lagos, nao wakakana. Wa sita alikuwa amebonyeza vibaya. Kichwa kikazidi kumzunguka: anayesema "si mimi" ni yeye, basi anayesema "ndiyo" ni nani?

Wa saba alikuwa Bwana Lamptey, wa tawi la Kumasi.

"Lagos? Mama, mimi sijawahi kuvuka mpaka."

"Na mwezi jana, tulipokupigia kuhusu tahadhari kama hii?"

"Nani alinipigia? Hakuna aliyenipigia mimi!"

Esinam akafungua tiketi ya mwezi jana. Anwani ya mtandao ilikuwa ileile ya leo, na haikuwa ya kampuni ya simu. Kwa majuma manne mtu alikuwa akiingia na kutoka kwa nywila ya Lamptey, akisoma barua pepe zake.

"Fiifi, hivi sisi huwa tunapiga simu kweli?"

Fiifi aliacha kutafuna. "Saa ya msongamano? Dada, kila mtu hunakili tu ile sentensi. Kwani wewe hujui?"

Esinam akaifunga akaunti ya Lamptey kwa mkono wake. Kisha akaandika uamuzi: mtambo uanze na kukusanya habari tu, yaani anwani ni ya nani, simu gani, mara ya ngapi. Kupiga simu na kufunga tiketi kubaki kwa watu.

Bosi Quartey aliusoma akiwa amesimama, akaitikia kwa kichwa.

"Umechagua vizuri. Na hiyo tiketi ya Lamptey, nani aliifunga?"

Esinam alishaliona jina tangu alipoifungua tiketi ile.

"Mimi, bosi."